Rekodi za kongamano bado zinatazamwa: sababu iko wapi?

"Kongamano liliisha mwezi uliopita, lakini rekodi mbili bado zinapata watazamaji kila siku. Bosi anauliza kwa nini. Nimjibu nini?"

Ndugu, jumla ya watazamaji haitakupa sababu. Fungua video moja ndani ya YouTube Studio, ingia Analytics, chagua tarehe zinazoanza baada ya wiki ya kongamano, kisha angalia Traffic source, yaani watazamaji wametokea wapi.

Ikiongoza YouTube search, bonyeza uone maneno waliyoandika. Tuseme mada ilihusu kodi za wafanyabiashara wadogo Tanzania, na watu wanaandika "jinsi ya kutumia mashine ya EFD". Hao huenda hata hawajui kulikuwa na kongamano. Wana shida ya dukani, na kila anayepata mashine mpya ya risiti huanza kutafuta upya, ndiyo maana mstari wa watazamaji kwenye grafu haushuki.

Ikiongoza External, yaani nje ya YouTube, hasa WhatsApp, huenda mtu amesambaza kiungo. Hapo mara nyingi mstari hupanda ghafla na kushuka upesi, kwa hiyo usimwahidi bosi kwamba utadumu.

Halafu tazama grafu ya Audience retention, inayoonyesha kila sehemu ya video inatazamwa kiasi gani. Ikiinuka katikati, watu wanarudia kipande hicho au wanaruka moja kwa moja hadi hapo. Kisikilize mwenyewe, umwandikie bosi dakika yake na kinachosemwa pale.