Ngazi ya Sampuli na Mkunjo wa Dhana: Nilivyopima Punje za Kahawa kwa Picha ya Simu

Ninafanya kazi katika karakana ndogo ya kukaanga kahawa hapa Nairobi, na kila mzigo mpya unapowasili swali langu la kwanza huwa ni upana wa punje. Punje pana na punje nyembamba zikiingia pamoja katika kikaango kimoja, nyembamba huungua kabla pana hazijaiva. Msimu uliopita tulipima kwa kalipa punje 1,000 za kahawa mbichi kutoka kwa ushirika mmoja, kabla hazijachekechwa kwa madaraja, tukapata wastani wa milimita 6.90 na mkengeuko sanifu wa milimita 0.40, zikiwa na mgawanyo wa umbo la kengele. Mwaka huu nilitaka kujua kama mzigo mpya wa ushirika huohuo bado unafuata mgawanyo ule, lakini sikutaka kushika kalipa mara elfu moja tena. Ndipo nikageukia picha ya simu. Nitaeleza nilivyofanya, mahali nilipokosea, na kwa nini kosa lenyewe halikuwa la hesabu.

Hesabu inayofaa hapa ni ile iliyotokana na kazi ya mwanahisabati Kolmogorov ya mwaka 1933. Unapanga vipimo vyako kuanzia kidogo hadi kikubwa, kisha unachora mstari unaopanda kama ngazi. Kila unapokutana na punje, mstari unapanda kipandio kimoja chenye kimo cha 1 gawanya kwa idadi ya punje. Ukiwa na punje 20, kila kipandio ni 0.05. Hiyo ndiyo ngazi ya sampuli. Juu ya karatasi hiyohiyo unachora mkunjo wa dhana, yaani sehemu ya punje zinazotarajiwa kuwa na upana usiozidi kila kipimo iwapo wastani ni 6.90 na mkengeuko ni 0.40. Halafu unatafuta mahali ambapo ngazi na mkunjo vimeachana zaidi kwa wima. Umbali huo huitwa D. Uzuri wake ni kwamba, dhana ikiwa kweli, tabia ya D haitegemei umbo la mkunjo wenyewe mradi uwe mkunjo usioruka, kwa hiyo jedwali moja la mipaka, ambayo D ikiivuka unaikataa dhana, linatosha kwa dhana za kila aina. Kwa punje 20 na kiwango cha asilimia 5, yaani ukikubali kuikataa dhana iliyo kweli mara 5 katika kila 100, mpaka ni 0.294. Sampuli ikizidi punje 35 hivi, mpaka unakadiriwa vizuri kwa kugawanya 1.36 kwa kipeo cha pili cha idadi.

Nilianza na punje 20 ili niweze kukagua kila hatua kwa mkono. Nilizimwaga juu ya kitambaa cheusi, nikaweka rula kando yake, nikapiga picha kwa simu iliyoinuliwa sentimita 15. Katika programu ya ImageJ niliweka kipimo cha rula kwa `Set Scale`, nikatenganisha punje na kitambaa kwa `Threshold`, kisha nikatumia `Analyze Particles` na kuchukua safu ya `MinFeret`, ambayo ni upana mdogo kabisa wa kila umbo. Upana ndio unaonihusu, wala si urefu, kwa kuwa matundu ya chekecheke za kahawa ni ya duara na punje hupita au kukwama kulingana na upana wake.

Punje ya 8 kwa mpangilio ilisomeka milimita 7.07. Mkunjo wa dhana unasema kwamba sehemu 0.665 ya punje zote zilipaswa kuwa na upana usiozidi huo, lakini kabla ya kuifikia punje hiyo ngazi yangu ilikuwa imepanda vipandio 7 tu, yaani 0.35. Tofauti ni 0.315, nayo inavuka mpaka wa 0.294. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Ngazi ina kimo cha aina mbili katika kila punje, kabla ya kipandio na baada yake, na ni lazima upime pande zote mbili. Mtu anayetazama kimo cha baada peke yake angetoa 0.40 kutoka 0.665, akapata 0.265, na kwa kuwa punje nyingine hazitoi tofauti kubwa kuliko hiyo, angeupitisha mzigo ambao kipimo sahihi kinaukataa.

Basi mimi nikaukataa. Niliandika kwamba punje za mwaka huu ni pana kuliko za msimu uliopita, na nilikuwa tayari kubadilisha joto la kikaango. Mzee anayesimamia ghala letu akaitazama picha kwenye skrini, akauliza, "Kijana, hizi punje umezilaza vipi?"

"Nilizimwaga tu, Mzee."

"Naona zote tumbo juu."

Alikuwa amesema kweli. Punje ya kahawa ina upande mmoja wa mviringo na upande mmoja bapa wenye mfereji, ambao ndio tumbo, na sehemu yake pana kabisa iko kwenye ukingo wa upande bapa. Nilipokuwa nikizitenganisha kwa vidole ili zisigusane, nilizigeuza upande bapa ukatazama juu. Punje zetu zina unene wa milimita 4 hivi, kwa hiyo ukingo ule ulikuwa milimita 4 karibu zaidi na lenzi kuliko rula iliyolala kitambaani. Simu ikiwa milimita 150 juu, kitu kilicho milimita 146 kutoka kwenye lenzi huonekana kikubwa mara 150 gawanya kwa 146, yaani mara 1.027. Ongezeko la asilimia 2.7 linasikika dogo, lakini kwa punje ya milimita 6.90 ni karibu milimita 0.19, ambayo ni takriban nusu ya mkengeuko sanifu. Mkunjo wa kengele ukisogezwa kiasi hicho, unaachana na mkunjo wa awali kwa karibu 0.19 hata bila bahati yoyote ya sampuli. Zaidi ya nusu ya D yangu ilitoka kwa simu.

Nilizigeuza punje zilezile 20 tumbo chini, nikafunga simu kwenye kiegemezo mita 1 juu, nikapiga picha upya. Punje tano nilizipima pia kwa kalipa ili nijue kama rula ya pichani inasema kweli. Vipimo vilikuwa hivi, na amri ya kuvikagua ni fupi:

```python
from scipy.stats import kstest
x = [6.25, 6.40, 6.52, 6.60, 6.68, 6.74, 6.80,
     6.88, 6.91, 6.95, 6.99, 7.03, 7.08, 7.12,
     7.17, 7.23, 7.30, 7.38, 7.49, 7.66]
print(kstest(x, 'norm', args=(6.90, 0.40)))
```

D ikashuka hadi 0.130. Mahali pa kuachana ni palepale, kabla ya punje ya 8, ambayo sasa ina upana wa milimita 6.88. Mkunjo wa dhana hapo uko 0.480 na ngazi iko 0.35. Umbali huo ni mdogo kuliko nusu ya mpaka, kwa hiyo sampuli haikunipa sababu ya kuiacha dhana ya msimu uliopita.

Tangu siku hiyo siitazami namba ya D kabla ya kuutazama mchoro. Ngazi ikiwa chini ya mkunjo karibu kote, kana kwamba mtu ameisukuma kulia, mshukiwa wa kwanza ni kipimo cha picha: rula, kimo cha simu, au namna punje zilivyolala. Ngazi ikianza upande mmoja wa mkunjo na kuuvuka katikati kwenda upande wa pili, wastani huenda uko sawa lakini mtawanyiko umebadilika. Na ukiona upande wa kulia unavutwa mbali na punje mbili tatu tu, rudi kwenye picha ukatafute punje zilizogusana na kuhesabiwa kama moja.

Kingo za picha nazo zina hila yake. Punje zinazokatwa na ukingo haziwezi kupimwa, na ukiziondoa tu unakuwa umeondoa pana kwa wingi kuliko nyembamba, kwa kuwa punje kubwa ina nafasi kubwa zaidi ya kugusa ukingo. Mimi huchora fremu ndani ya picha, mbali na ukingo kwa zaidi ya urefu wa punje moja, kisha ninahesabu kila punje ambayo kitovu chake kiko ndani ya fremu, hata kama mwili wake unatokeza nje. Hivyo hakuna inayobaguliwa kwa ukubwa wake.

Kuna kishawishi kingine ambacho kinaharibu kazi kimyakimya, nacho ni kuchukua wastani na mkengeuko kutoka kwenye picha ileile unayoipima. Nilijaribu kwa vipimo vya hapo juu. Wastani wao ni 6.96 na mkengeuko 0.365, na nikivitumia kuchora mkunjo, D inaanguka hadi karibu 0.06. Haimaanishi kwamba sampuli imekuwa nzuri zaidi. Mkunjo umeshonwa kwa vipimo vya mwili uleule, kwa hiyo lazima ukae vizuri, na mpaka wa 0.294 haufai tena. Mtakwimu Lilliefors alitoa mwaka 1967 jedwali la hali hiyo kwa mgawanyo wa kengele, na kwa punje 20 mpaka wake ni kama 0.19. Dhana yangu ilitoka kwa punje 1,000 za msimu mwingine, idadi kubwa kiasi kwamba niliichukulia kuwa haitikisiki mbele ya punje 20. Kama ingetoka kwa punje 30, ningelinganisha ngazi mbili, ya msimu ule na ya msimu huu, badala ya ngazi na mkunjo. Na kwa kahawa iliyokwisha kuchekechwa kwa daraja la AA au AB nisingetumia kengele kabisa, kwa sababu chekecheke imekata mikia yake.

Punje 20 zinatosha kujifunza, lakini zinaweza kupitisha karibu kila kitu. Sasa ninachota sampuli sehemu mbalimbali za gunia, naigawa mara nne hadi nibaki na punje 200, na mpaka unakuwa 0.096. Kwa idadi hiyo makosa ya picha hayana pa kujificha. Punje zikiwa tumbo juu na simu ikiwa sentimita 30 juu, kosa la kipimo peke yake linasogeza mikunjo kwa 0.09, ambayo ni karibu mpaka wote. Ndiyo maana kiegemezo changu kimebaki kwenye mita 1.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho D haitanionyesha kwa punje 200. Zile punje za duara zinazokua peke yake ndani ya tunda, ambazo sokoni huitwa PB, ni nyembamba kuliko nyingine. Zikiwa 1 katika kila 20, haziwezi kuusogeza mkunjo wa mzigo mzima kwa zaidi ya 0.05 popote pale, hata ziwe nyembamba kiasi gani. Mpaka wangu ni 0.096, kwa hiyo zinapita. Hizo ninazitoa kwa mkono kabla ya kupiga picha, nazihesabu, na kuandika idadi yake kando ya D.