Tangazo la mkopo kwa lugha mbili

"Sacco yetu ya Nakuru ina wazee na vijana. Tuweke Kiswahili na Kiingereza kwenye ujumbe mmoja?"

Tenganisheni. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160 tu, na lugha mbili zikibanwa humo, kinachoachwa nje huwa ni riba na tarehe ya mwisho, mambo ambayo mzee huyasoma mara mbili kabla ya kuamini. Mwulizeni kila mwanachama lugha anayoitaka badala ya kukisia kwa umri, kwani wapo walimu wastaafu wanaopendelea Kiingereza. Toleo la Kiswahili lianze "Mpendwa mwanachama, mkopo wa karo uko tayari". La Kiingereza liende moja kwa moja kwenye kiasi na muda wa kulipa.

Kisha mtu mmoja ayalinganishe matoleo yote mawili, maana baba na binti huonyeshana simu, na wakikuta "riba 1% kwa mwezi" huku na "12% kwa mwaka" kule, watashuku udanganyifu hata kama hesabu ni ileile.

Anayependekeza Sheng ana hoja kwa bango la mtaani, lakini kwenye masharti ya pesa siikubali, kwa kuwa Sheng hutofautiana mtaa hadi mtaa.