"Anaendelea vizuri" si kipimo

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mfiziotherapia mpya, kituo chetu kiko nje kidogo ya Masasi. Nina mama wa miaka 61, kiharusi kimeathiri upande wa kushoto, wiki ya saba sasa. Kila akija naandika lengo, vipimo na mazoezi, lakini mkuu wangu anasema noti zangu hazionyeshi mabadiliko. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Bila shaka unamalizia na "anaendelea vizuri, mpango uleule". Sentensi hiyo imenichosha. Vizuri kuliko lini, na akishikwa na nani?

Anza na lengo la mama mwenyewe. "Kuongeza nguvu ya mguu" ni lengo lako wewe. La kwake laweza kuwa hivi: ndani ya wiki 3 atatembea kutoka kitandani hadi choo cha nje, mita 15, kwa fimbo, bila kushikwa. Hapo kipimo kinajileta chenyewe: muda wa kutembea mita 10. Mwache aanze mita 2 kabla ya alama na apitilize mita 2, ili saa isihesabu kuondoka na kusimama.

Tuseme juzi alitumia sekunde 25 huku binti yake amemshika mkono, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Leo ni sekunde 20 kwa fimbo peke yake, mita 0.5. Wengi wangeandika kasi imepanda, wakafunga faili. Lakini kwa mgonjwa aliye ndani ya siku 60 za mwanzo, badiliko la maana ni kama 0.16, na hili ni 0.1 tu. Isitoshe, msaada si uleule, kwa hiyo kasi hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Habari kubwa ya leo ni kwamba mkono wa binti umeondoka. Andika hivyo, na kuanzia sasa mpime kwa fimbo ileile.

Mazoezi nayo yaandikwe kwa jinsi yalivyofanyika: kuinuka kwenye kiti cha sentimita 45, mara 8, mizunguko 3, wa mwisho akajishikilia meza. Mwenzako akisoma atajua kiti kisishushwe bado.

Nakazania haya kwa sababu huku kwetu mchuaji akipaka mafuta wiki ya tatu, mguu ukachezacheza, anatangaza kaponya. Miezi 3 ya mwanzo ubongo hurudisha mengi wenyewe, apakwe asipakwe. Nawe ukiandika "vizuri" bila namba, huna cha kumjibu.

Hatari kubwa iko upande wa pili. Mama aliyetumia sekunde 20 akija na 40, usiandike "amechoka leo". Mwangalie uso, mkono na usemi, pima presha na sukari, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo. Huenda ni kiharusi kingine, na utakigundua tu kama ile 20 iliandikwa.