Fremu arobaini si ploti arobaini

Wiki hii nimesoma ripoti tatu za vijana wa atachimenti hapa ofisini Nairobi, na zote zimeishia mstari uleule: "p ni chini ya 0.05, kwa hivyo NPK ni bora kuliko DAP." Bidii yenu naiona na naipenda. Lakini nimeudhika, maana mstari huo niliwahi kuuandika mwenyewe na najua ulikonifikisha.

1. Hesabu ploti, usihesabu fremu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa shamba la mahindi lenye mteremko, upande wa Kikuyu. Lilikuwa limegawanywa mara mbili tu: nusu ya juu ikapandwa kwa DAP, nusu ya chini kwa NPK. Siku ya kuvuna niliweka fremu mara 20 kila upande, nikapima kila fremu, nikaingiza namba zote kwenye jaribio la t. `df` ikatoka 38, p chini ya 0.001. Nikawatangazia wakulima kwamba NPK imeshinda, na msimu uliofuata baadhi yao wakabadilisha mbolea kwa kuniamini mimi.

Kisha mzee aliyekuwa akitupalilia akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hukuambiwa kwamba hapo chini palikuwa boma la ng'ombe?"

Samadi ya miaka mingi ilikuwa imelala pale. Hata magugu ya nusu ile yalikuwa manene kuliko ya juu. Niliyaona na sikujiuliza. Fremu zangu 40 hazikudanganya: nusu ya chini ilizaa zaidi, kweli kabisa. Ila hazikuwa na njia ya kutenganisha mbolea na boma, wala na udongo unaosombwa na mvua kutoka juu. Kila mbolea niliiweka mahali pamoja tu, kwa hivyo hesabu halali ilikuwa ploti moja dhidi ya moja, na kwa ploti moja huwezi kupata mtawanyiko wa kulinganishia. Ningeweka fremu 200, p ingezidi kushuka na boma lingebaki palepale. Niliwarudia wale wakulima mmoja mmoja kuwaeleza, na wawili walikuwa wameshanunua mbolea ya msimu mwingine.

Basi kata shamba ploti nyingi, piga kura ipi ipate mbolea gani, na fremu zote za ploti moja zifanye wastani mmoja. Ukizipanga ploti kwa jozi kufuata mteremko, tumia jaribio la jozi.

2. Rudisha mahindi yote kwenye unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kulinganisha uzito.

3. Andika maana kando ya namba, kwa maneno ya mkulima.

Juzi mmoja wenu aliniletea ploti 12 zilizopigiwa kura sawasawa, nikafurahi sana. Haya ni magunia ya kilo 90 kwa ekari:

```
dap <- c(18, 21, 19, 23, 20, 19)
npk <- c(22, 20, 25, 21, 24, 20)
t.test(npk, dap)
```

Wastani wa DAP ni 20, wa NPK ni 22. t ni 1.78, `df` ni 9.76, p ni kama 0.11. Hiyo `df` yenye desimali si kosa: R hutumia njia ya Welch, ambayo haidai mtawanyiko wa pande mbili ulingane. Iacheni hivyo.

Kando ya namba alikuwa ameandika, "Hakuna tofauti." Hapo nikamsimamisha. Tofauti ipo, ni gunia mbili kwa ekari, na mkulima hawezi kuzidharau. Tazama mstari wa `95 percent confidence interval`: unaanzia -0.5 hadi 4.5. Tukaandika upya pamoja:

"Katika ploti hizi NPK ilizidi DAP kwa wastani wa gunia 2 kwa ekari. Kwa ploti 6 kila upande, matokeo haya yanapatana na NPK kupungukiwa na nusu gunia, na pia kuzidi kwa gunia 4 na nusu. Bado hatuwezi kumshauri mkulima abadilishe mbolea, wala kumwambia kwamba zote ni sawa."

Akauliza kama ploti 12 kila upande zingetosha kupunguza upana huo kwa nusu. Hazitoshi, upana hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya ploti, kwa hivyo nusu inahitaji takriban mara nne, yaani 24 kila upande. Tumeomba 24. Tukipewa 12, tutapanda 12 na upana tutauandika vilevile. Karatasi za kura ziko kwenye droo yangu, na safari hii tutamwita mzee wa kijiji atutembeze shambani kabla ya kupima ploti ya kwanza.