Nianzie wapi kuongea na rafiki anayenyanyaswa na mwenza wake

Swali: "Rafiki yangu wa karibu tupo naye hapa Iringa mjini. Mwanaume anayeishi naye anamtukana mbele za watu, anamkagua simu, na mshahara wake wote anaushika yeye. Dada yake alimwambia achague, huyo mwanaume au ndugu zake, na tangu siku hiyo hapokei simu za dada. Nataka kuongea naye lakini sitaki nimpoteze na mimi. Nianzie wapi?"

Kamwene dada. Mimi niko Mbeya, nauza nafaka Mwanjelwa, na jambo hili nimepita nalo na mwenzangu wa meza ya jirani. Nitakueleza nilivyofanya na kwa nini.

Anzia kwenye kile ulichokiona kwa macho yako, umwache pembeni huyo mwanaume na tabia yake. Ukisema "yule ni mshenzi, hakufai", rafiki yako atamtetea, maana aliyemchagua ni yeye na anasikia umemtukana na yeye. Akishamtetea mbele yako, siku akipigwa ataona aibu kuja kwako. Lakini ukisema "Jumamosi nilisikia anakuita mjinga mbele za watu", hapo hakuna cha kubishana. Lilitokea na wote mlikuwepo.

Mwenzangu niliongea naye asubuhi, baridi ya Julai, tunachambua maharage stoo kabla wateja hawajaanza kuingia. Saa ile niliichagua. Mumewe alikuwa akimpitia jioni, kwa hiyo jioni haikufaa. Na mikono ikiwa kazini mtu halazimiki kukutazama usoni, maneno yanatoka kwa urahisi. Nilimwambia hivi: "Juzi shemeji alipokutolea yale maneno mbele ya wateja, nilikuona umenyamaza mpaka jioni. Nimekuwa nikikuwaza. Unaendeleaje nyumbani?" Basi, nikanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuongea, kwa sababu moyo unakusukuma uongeze la pili na la tatu.

Akajibu, "Ni madeni tu yanamchanganya, akipata hela anatulia." Nikamwambia, "Sawa, wewe ndiye unayemjua. Mimi nimeona huna raha ndiyo maana nimeuliza. Siku ukitaka kuongea, hata kama ni usiku, nipo, na halitatoka kwangu." Kisha tukaingia kwenye habari za bei ya maharage.

Wengi wangeona mazungumzo hayo hayajazaa kitu. Mazungumzo ya kwanza kazi yake ni moja tu: ajue kuna mtu ameona, na mtu huyo hajamdharau. Usitafute akubali kwamba ananyanyaswa, wala usimwombe ahadi. Mwenzangu alikaa wiki kadhaa bila kugusa jambo hilo, nami sikumkumbusha. Nilimtafuta kwa mambo ya kawaida: kwenda pamoja msibani, kusukana nywele, kugawana gunia la mchele wa Kyela. Siku aliyokuja mwenyewe alikuwa amenyang'anywa hela za kikoba. Aliongea huku amesimama, kama mtu anayetaka kuondoka.

Siku hiyo nilimuuliza, "Ungependa nikusaidie nini?" Nilidhani atasema anataka kuondoka. Hakusema hivyo. Alitaka nimtunzie kitambulisho chake cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na akiba kidogo. Nikavitunza bila kumuuliza anapanga nini. Aliendelea kuishi na mumewe muda mrefu baada ya hapo, na nakiri roho iliniuma. Alipoondoka kwenda kwa mama yake Tukuyu, aliondoka kwa wakati wake, mtoto amefunga shule, vyeti vikiwa salama na nauli mkononi.

Sasa kuhusu dada yake. Yule mwanaume tayari anampangia rafiki yako amwone nani, atumie shilingi ngapi, apokee simu ya nani. Anaposikia "chagua", anakuwa amepata mtu wa pili wa kumwamrisha. Zaidi ya hapo, wanaume wa namna hii hurudia kumwambia mwanamke kwamba ndugu na marafiki hawampendi, aliyebaki ni yeye tu. Dada alipotoa sharti lile, maneno ya mwanaume yakaonekana kweli. Ukipata nafasi mwambie dada asimbane wala asianze na kujieleza. Amtumie salamu nyepesi tu, kwamba mama anakusalimia, mahindi ya mwaka huu yamekubali. Akijibu hata kwa neno moja, asiligeuze kuwa kikao.

Wewe usiandike chochote kuhusu jambo hili kwenye simu yake, wala usitume sauti. Simu inakaguliwa, na ujumbe wa huruma uliotumwa mchana unaweza kumletea kipigo usiku. Sisi tulikubaliana sentensi moja: akiniuliza kama nimebakiwa na maharage ya njano, nijue anataka nimpigie kwa kisingizio cha biashara. Mumewe angeiona, asingeona kitu.

Usimwendee mshenga, mchungaji au wazee wake kabla hajakuruhusu. Najua kwetu huku ndiko watu wanakokimbilia kwanza, na wapo wazee wenye busara. Tatizo ni kwamba habari humfikia mwanaume jioni ile ile, na anayejibu maswali ndani mlango ukiwa umefungwa ni rafiki yako. Kumkabili mwanaume mwenyewe ni vivyo hivyo.

Kuna mahali ambapo kusubiri kuna mpaka wake. Akikwambia amekabwa shingo, ametishiwa kuuawa au ameonyeshwa panga, lichukulie kwa uzito hata kama anacheka anapokusimulia. Kukabwa kunaweza kusiache alama yoyote nje huku ndani kumeumia. Sauti ikikwaruza, akimeza kwa shida au akipumua kwa tabu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mtu huyo huyo baadaye. Hapo mwambie waziwazi, "Naogopa kwa ajili ya maisha yako", kisha muulize leo usiku atalala wapi. Bado usimwamrishe aondoke. Siku za kuondoka ndizo mara nyingi hatari inapopanda, kwa hiyo kuondoka kunataka mpango: wapi, na nani, saa ngapi mwanaume hayupo.

Akiwa tayari kushtaki, msindikize Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Akiwa ameumizwa achukue PF3, ijazwe hospitali, maana baadaye ndiyo inayokuwa ushahidi. Hali ikiwa mbaya aanzie hospitali, fomu ifuate. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri nayo inapokea mambo haya, na wengine huona wepesi kuanzia huko kuliko polisi. Akisema mume ana haki ya kumrudi mkewe, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataa mwanandoa kumpa mwenzake adhabu ya kipigo, hata kama mila inaruhusu. Na kama hawajafunga ndoa, kumpiga mtu ni kosa la jinai vilevile. Mweleze hilo mara moja, kwa utulivu, akiwa ameuliza.

Kwa wiki hii tafuta shughuli ya kufanya naye mkiwa wawili tu, mbali na simu yake. Chagua tukio moja ulilolishuhudia, lisiwe mawili, kisha uulize anaendeleaje na umwache ajibu anavyotaka.