Kasoro moja kabla ya tano

Nimenunua saa ya ukutani ya nambari za Kirumi Marikiti, penye nne wameandika IIII badala ya IV. Nimepigwa? (Mama wa Likoni)

Hujapigwa, mama. Mafundi saa wengi huandika hivyo tangu zamani, na Warumi wenyewe waliandika IIII. Kule Roma, kwenye uwanja wao mkubwa wa Koloseo, lango la 44 limechongwa XLIIII: arubaini kwa kutoa, nne kwa kujumlisha, zote katika nambari moja. Kushikilia IV peke yake kulikuja baadaye. Ila mshale mfupi ukifika kwenye hiyo IIII, kwetu ni saa kumi, na hapo Warumi hawana lawama.

Kijana wangu wa gredi ya tano kaandika 99 kuwa IC, mwalimu kamkosesha. Kwani mia kasoro moja si tisini na tisa? (Baba wa Kisauni)

Hesabu yake ni sawa, maandishi ndiyo yamekwenda kombo. Na hilo neno lako, kasoro, ndilo lenyewe. Tukisema saa tatu kasorobo tunaitaja saa inayokuja kisha tunaipunguza. Herufi ndogo ikikaa kushoto kwa kubwa hufanya kazi hiyo hiyo, lakini haipunguzi yeyote inayemtaka. I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500, M ni 1000. I hupunguza V na X tu. X hupunguza L na C. C hupunguza D na M. Basi. V, L na D hazipunguzi kitu.

Ukizitazama jozi hizo, IV, IX, XL, XC, CD na CM, zote ni za nne au tisa: za mamoja, za makumi, za mamia. Ni pale tu ambapo ungelazimika kurudia herufi moja mara nne.

Kwa hiyo aivunje nambari kwanza. 99 ni 90 na 9. Tisini ni XC, tisa ni IX, akiziunganisha anapata XCIX. Vivyo hivyo 49 ni XLIX, si IL. Na nane ibaki VIII. Wapo wanaoandika IIX, lakini kasoro ni ya herufi moja, haiwi mbili.

Mwisho wa filamu ya zamani niliona MCMLXIV. Naanzia wapi? (Msomaji, Mji wa Kale)

Anzia kushoto, na kila herufi itazame jirani yake wa kulia. M jirani yake ni C, mdogo: 1000. C jirani yake ni M, mkubwa: zishike pamoja, 900. L ni 50, X ni 10. I jirani yake ni V, mkubwa: 4. Jumla 1964. Ukipata 2166, ujue umejumlisha herufi zote bila kutoa kasoro hata moja.

Na sifuri je? (Mwanafunzi, Changamwe)

Haiandikwi, alama yake Warumi hawakuwa nayo. 105 ni CV. Makumi hayapo, basi wanapita.