Kodi ya kuuza kiwanja: asilimia 10 ya faida au asilimia 3 ya bei?

Swali: Mwaka 2016 nilinunua kiwanja Kibaha kwa shilingi milioni 18. Nikakipima na kukitolea hati, nikajenga uzio wa tofali na kuchimba kisima. Sasa nimepata mnunuzi wa milioni 52. Dalali ananiambia nitalipa TRA asilimia 10 ya milioni 52. Jirani yangu aliuza mwaka jana akalipa asilimia 3 tu. Nani yuko sahihi, na je, fedha nilizotumia kwenye uzio na kisima zinatolewa?

Jibu: Dalali amepata kiwango lakini amekosea kinapopigwa. Kwa mkazi wa Tanzania, asilimia 10 hutozwa kwenye faida, yaani kile kinachobaki baada ya kutoa gharama zako kwenye bei ya kuuzia. Jirani naye hakudanganya. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtoza asilimia 3 ya bei, au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini kama ndiyo kubwa, mkazi asiye na kumbukumbu za gharama aliyopatia mali yake. Huyo hatolewi gharama yoyote. Asilimia 3 si njia ya mkato ambayo muuzaji anajichagulia, imewekwa kwa ajili ya asiye na karatasi. Wewe una mkataba wa 2016, kwa hiyo hesabu yako ni ya asilimia 10 ya faida.

Uzio na kisima vinatolewa. Sheria inaiona gharama ya mali kuwa jumla ya vitu vinne: ulichotoa kuipata, ulichotoa kuibadilisha, kuiboresha, kuitunza au kuikarabati, ulichotoa kuiuza, na gharama ndogondogo zinazoambatana na kununua au kuuza. Katika hizo za mwisho wamo wakili, dalali, mpima ardhi na mthamini, pamoja na matangazo, kodi na ushuru wa kuhamisha umiliki. Imo pia gharama ya kuthibitisha au kutetea umiliki wako, na wengi huisahau. Kama uliwahi kushitakiana na mtu juu ya mpaka wa kiwanja hicho, ada ya wakili wa kesi ile ni sehemu ya gharama ya kiwanja.

Tuchukue takwimu za kawaida kwa kiwanja kama chako, nawe uweke zako mahali pake. Ulinunua kwa 18,000,000. Wakili wa mkataba alichukua 300,000, na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya bei, ulikuwa 180,000. Hadi hapo ni 18,480,000. Upimaji na hati vilikula 2,400,000, vifaa vya uzio 7,200,000, kisima 4,800,000. Jumla imefika 32,880,000. Upande wa kuuza, dalali anadai asilimia 5 ya bei, ambayo ni 2,600,000, mthamini 350,000 na wakili 500,000, jumla 3,450,000.

Gharama zote: 32,880,000 + 3,450,000 = 36,330,000
Faida: 52,000,000 − 36,330,000 = 15,670,000
Kodi: 15,670,000 × 10% = 1,567,000

Linganisha na 5,200,000 aliyokutajia dalali. Linganisha pia na asilimia 3 ya milioni 52, ambayo ni 1,560,000. Zimekaribiana sana, na hilo lina sababu: njia hizi mbili hutoa kodi sawa pale faida inapokuwa asilimia 30 ya bei. Faida ikiwa chini ya hapo, mwenye karatasi analipa pungufu kuliko asiye nazo. Ikiwa juu ya hapo, analipa zaidi.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanza, kwa hiyo nitalisema wazi. Tuseme una mkataba wa kununulia tu, lakini risiti za uzio, kisima na upimaji zimepotea, na dalali na wakili hawakukupa chochote cha maandishi. Faida yako kwenye karatasi inakuwa 52,000,000 kutoa 18,000,000, yaani 34,000,000, na kodi ni 3,400,000. Mtu atakushauri ufiche mkataba ulipe 1,560,000. Usifanye hivyo. Mkataba uliolipiwa ushuru wa stempu una kumbukumbu serikalini, na jalada la hati yako linaonyesha kiwanja kilivyokufikia. Kutoa maelezo ya uongo kwa afisa wa kodi ni kosa la jinai, na tofauti itadaiwa pamoja na riba. Nguvu hiyo itumie kutafuta karatasi zilizopotea.

Kila milioni moja unayoweza kuithibitisha inakupunguzia kodi ya shilingi 100,000, basi anza na kubwa. Mpima ardhi au kampuni ya upimaji huwa na nakala ya ankara, na ada ulizolipa serikalini kwa ajili ya hati zina stakabadhi zake. Mchimba kisima anayefanya kazi hiyo kwa leseni anaweza kukupa nakala ya risiti na taarifa ya kisima yenye kina na tarehe. Duka la vifaa vya ujenzi lenye mashine ya EFD linaweza kuwa na kumbukumbu ya mauzo, ingawa karatasi ya risiti hiyo hufifia ndani ya miaka michache hadi isisomeke. Ukinunua leo, ipige picha au itoe nakala siku hiyohiyo. Taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha malipo husaidia kuunga mkono risiti, lakini ikisimama peke yake inaonyesha fedha ilitoka tu, haionyeshi ilinunua nini.

Shida kubwa zaidi huwa kwa fundi. Umeona kwamba kwenye uzio nimeweka vifaa peke yake. Tuseme fundi na vibarua walilipwa 2,300,000 taslimu, bila maandishi. Kama ingethibitika, faida ingeshuka hadi 13,370,000 na kodi ingekuwa 1,337,000, nafuu ya 230,000. Fundi wa mtaani hana mashine ya EFD, na afisa anaweza kukataa kiasi hicho. Kinachokupa nafasi nzuri ni makubaliano yaliyoandikwa wakati wa kazi, yenye jina na saini ya fundi, vipimo vya uzio, kiasi na tarehe za malipo, yakiendana na uzio unaoonekana na idadi ya tofali kwenye risiti za vifaa. Karatasi iliyoandikwa wiki ya kuuza kwa kazi ya miaka mingi iliyopita hutambulika haraka, na inaweza kukuharibia hata zile risiti zako za kweli.

Kuna vitu ambavyo watu huviingiza navyo hukatwa. Nauli za kwenda kukitazama kiwanja na chakula cha siku hizo ni matumizi yako binafsi. Jasho lako mwenyewe halina bei: ukipaka rangi uzio kwa mikono yako, unatoa gharama ya rangi tu. Pampu ya kisima ukiing'oa na kuondoka nayo, bei yake haimo, kwa kuwa hukumuuzia mnunuzi. Ushuru wa stempu wa mauzo ya sasa kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, kwa hiyo si gharama yako, isipokuwa mkataba unasema utaubeba wewe na kweli ukaulipa. Kodi yenyewe ya asilimia 10 haitolewi kwenye faida inayokokotolea kodi hiyo. Na mfumuko wa bei haumo kwenye hesabu: milioni 18 za 2016 zinabaki milioni 18, hata kama leo zisingekununulia kiwanja cha namna ile. Nakubali kwamba hilo linamuumiza aliyekaa na ardhi muda mrefu, lakini hakuna kifungu cha kuipandisha gharama ya zamani.

Nyumba ya kuishi ina msamaha ukiwa umeishi humo miaka 3 au zaidi na faida isizidi milioni 15. Ardhi ya kilimo nayo ina msamaha wake: thamani isizidi milioni 10, na iwe imelimwa kwa miaka 2 kati ya 3 ya mwisho. Kiwanja chako hakiingii kokote. Uzio na kisima havikifanyi kuwa makazi.

Jambo la kuangaliwa kabla hujasaini chochote ni taarifa ya uthamini. Uhamisho wa hati huambatana na uthamini unaoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na afisa wa TRA huweka taarifa hiyo pembeni ya mkataba wako. Mthamini akisema kiwanja ni cha milioni 60 wakati mkataba unasema 52, tarajia kuulizwa, na tarajia hesabu kufanywa kwa 60. Kwa gharama zilezile faida inakuwa 23,670,000 na kodi 2,367,000, yaani 800,000 zaidi. Kwa hiyo mwite mthamini kabla ya kukubaliana bei ya mwisho. Kama kuna sababu ya kweli ya bei kuwa chini, mfano sehemu ya kiwanja hujaa maji masika au njia ya gari imezibwa, mwonyeshe siku ya ukaguzi ili aiandike kwenye taarifa. Ukiitaja baada ya taarifa kuidhinishwa, itakuwa ngumu kuirudisha nyuma.

Kodi hii hulipwa kabla hati haijahamishwa. Baada ya mkataba na uthamini, unapeleka TRA nakala za mkataba wa kuuza, mkataba wa kununulia, hati, taarifa ya uthamini, TIN zenu wote wawili, na jedwali la gharama. Jedwali liwe la ukurasa mmoja: tarehe, maelezo, aliyelipwa, kiasi, namba ya risiti, na risiti zipangwe nyuma yake kwa mpangilio uleule. Afisa akikubali anakutolea makadirio na namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukishalipa unapata cheti cha kuthibitisha, na bila cheti hicho Msajili wa Hati hasajili uhamisho. Hakikisha kodi ya pango la ardhi haina deni, maana nalo husimamisha uhamisho hata kama TRA wamemalizana nawe.

Afisa akikataa gharama fulani, muombe akuandikie ni ipi na kwa nini kabla hujalipa. Mara nyingi kinachokosekana ni kitu kinachopatikana, kama namba ya risiti isiyosomeka au ankara yenye jina la mwenzi wako badala ya lako. Kwenye mkataba na mnunuzi, weka muda wa kukamilisha uhamisho unaotosha kulirekebisha hilo. Siku 30 ni chache, na muuzaji aliyebanwa na tarehe huishia kulipa makadirio yoyote anayopewa.

Haya yote yanamhusu mtu aliyenunua kiwanja akakaa nacho. Kama unanunua na kuuza viwanja mara kwa mara, ardhi hiyo ni bidhaa ya biashara, na faida yake huingia kwenye hesabu za biashara kwa viwango vya kawaida vya kodi ya mapato.